Mtoto Huyo Si Ishara: Dhidi ya Namna Tunavyosoma Mashairi ya Orodha

Muhula uliopita, katika semina yetu ya ushairi hapa Kampala, tuliletewa shairi fupi lililoandikwa na mwanafunzi mwenzetu. Yeye mwenyewe alikuwemo darasani, amekaa safu ya nyuma, na aliomba jina lake lisitajwe. Ameniruhusu kulitumia shairi lake hapa kwa sharti hilohilo. Shairi lenyewe linaitwa "Mzigo", na ni hili:

Mkeka mmoja wa bibi.
Mfuko mmoja wa unga, mzito.
Mtungi mmoja wa maji, mtupu.
Mwavuli mmoja wa zamani.
Mlango mmoja wa mbao.
Mtoto mmoja wa jirani, mwepesi.
Mkoba mmoja wa shule, mpya.
Mto mmoja wa pamba.
Msumeno mmoja wa baba.
Jumla: mizigo tisa. Nauli imelipwa.

Tulilijadili kwa muda wa saa nzima. Mwenzetu mmoja alisema kwamba hili si shairi, kwa sababu halina vina wala mizani, na kwamba hata muuza duka anaweza kuandika kitu kama hiki kwenye daftari la madeni. Hoja hiyo ilizimwa haraka, kwa kuwa wengi wetu tumesoma Kichomi cha Kezilahabi, kilichotoka 1974, na tumechoka na ugomvi wa shairi huru. Baada ya hapo tukaingia katika kazi tuliyoizoea. Mtoto, tukasema, ni ishara ya kizazi kijacho. Mlango ni ishara ya fursa. Mwavuli ni ishara ya ulinzi wa mashirika ya kimataifa. Mkoba wa shule ni umuhimu wa elimu. Mtungi mtupu ni umaskini wa Afrika. Ubao ulijaa alama za usawa, kila kitu na maana yake, na wote tukatoka tumeridhika. Nami nilikuwa miongoni mwao. Katika daftari langu bado kuna mstari usemao: "mtoto = matumaini".

Mlangoni nilimuuliza mtunzi kama tumemsoma vizuri. Alijibu kwa sauti ya chini, "Mbona hakuna aliyeuliza jirani yuko wapi?"

Insha hii ni jibu langu kwa swali hilo, na pia ni malalamiko dhidi ya namna tunavyosoma. Nadai kwamba shairi la orodha haliwezi kusomwa kwa kuchomoa kitu kimoja na kukipa maana ya jumla. Kitu kisichotarajiwa hakiwekwi katika orodha ili tukitoe nje. Kinawekwa ili kiturudishe nyuma, tuvisome upya vitu vyote tulivyokwisha kuvipita tukidhani tumevielewa. Msomaji anayeandika "mtoto = matumaini" amefanya kinyume chake. Amemtoa mtoto mashuani na kuiacha mashua iende zake.

Tuanze na jambo ambalo sisi wanafunzi wa Kiswahili tulipaswa kuliona kabla ya mtu mwingine yeyote, nalo ni ngeli. Vitu vinane kati ya tisa vilivyoorodheshwa vimo katika ngeli moja: mkeka, mfuko, mtungi, mwavuli, mlango, mkoba, mto, msumeno. Je, hii ni bahati tu? Fikiria familia inayokimbia kweli inabeba nini. Inabeba sufuria, blanketi, jerikeni, godoro, nguo, sahani, labda kuku aliyefungwa miguu. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo katika shairi hili. Mtunzi ameacha vitu vya kawaida kabisa vya safari ya namna hiyo, akachagua mlango na msumeno. Ukiona orodha imekataa sufuria na kuupokea mlango, jua kwamba kuna kanuni inayofanya kazi, na ni wajibu wako kuitafuta.

Kanuni yenyewe inapatikana kwa kulinganisha majina mawili ya ngeli tuliyofundishwa. Katika vitabu vya zamani ngeli zilitajwa kwa viambishi vya nomino: M-WA na M-MI. Siku hizi wengi tunazitaja kwa viambishi vya kitenzi: A-WA na U-I. Majina hayo mawili yanaeleza mambo mawili tofauti. Kwa kiambishi cha nomino, mtoto na mkeka wanafanana, kwani wote wawili wanaanza na m-. Tofauti inaonekana kitenzi kinapokuja: mtoto analala, mkeka unalala. Inaonekana pia katika huyu na huu, yule na ule, mwenye na wenye. Lakini kuna mahali ambapo tofauti haionekani kabisa. Tunasema mkeka mmoja na mtoto mmoja. Tunasema mkeka wa bibi na mtoto wa jirani. Tunasema mfuko mzito na mtoto mzito, mkoba mpya na mtoto mpya. Idadi, kiunganishi cha -a na kivumishi vyote vinavaa sare moja katika umoja wa ngeli hizo mbili.

Sasa rudi kwenye shairi utazame limejengwa kwa maneno gani. Lina idadi, kiunganishi cha -a na vivumishi, basi. Hakuna huyu wala huu. Hakuna kitenzi hata kimoja kinachohusu vitu vilivyoorodheshwa. Mtunzi ametumia zile sehemu tu za sarufi yetu ambazo mtu na kitu havitofautiani, na kupitia hapo mtoto ameingizwa katika mzigo bila kelele yoyote. Sikio halikwami. Linasikia "mmoja wa" mara ya sita kama lilivyosikia mara tano za mwanzo, na macho yameshafika kwenye mkoba wa shule kabla akili haijasema, ngoja, hapo pamepita mtu.

Najua kuna watakaosema kwamba ninampa mtunzi ujanja asiokuwa nao, kwamba aliandika tu kilichomjia. Labda. Sina haja ya kujua alichokusudia. Ushahidi wangu ni sufuria isiyokuwepo na kitenzi kisichokuwepo, na ushahidi huo uko kwenye karatasi hata kama mtunzi angekuwa usingizini. Kwa wale wenzangu wanaozungumza Luganda kuna jaribio rahisi zaidi. Lifasiri shairi hili katika Luganda. Utasema "omukeeka gumu", lakini utasema "omwana omu". Mara tu unapofika mstari wa sita, idadi yenyewe inabadilika na kumtangaza mtoto kuwa ni mtu. Ile siri inafichuka. Mwenzetu wa Kinyarwanda hatapata shida hiyo katika idadi, kwa sababu kwake ni "umuntu umwe" na ni "umunsi umwe" vilevile. Kwa hiyo hatuzungumzii jambo la kufikirika. Ni jambo linalopotea katika lugha moja na kubaki katika nyingine, na kinachoweza kupotea katika tafsiri ni sehemu ya shairi.

Jaribu pia kuikamilisha sentensi ambayo shairi limeikwepa. Mkeka, mlango na mtoto... vimefika? Ukisema hivyo umemfanya mtoto kitu. Wamefika? Umeufanya mkeka mtu. Kiswahili kinataabika hapo, na msemaji mwenye akili hugawa sentensi mara mbili: mtoto amefika, na mizigo nayo imefika. Nafsineni wa shairi hili hagawi. Anajumlisha kwa neno tisa, na tisa ni mojawapo ya namba zetu zisizouliza ngeli. Kama vitu vingekuwa vinane angelazimika kusema mizigo minane, na kama wangekuwa watu angesema wanane. Tisa haibadiliki. Inahesabu chochote kinachowekwa mbele yake.

Hapa ndipo nafsineni anapoanza kuonekana, na hapa ndipo usomaji wa ishara unapotupofusha. Nani anaongea? Si mshairi anayetangaza matumaini ya Afrika. Ni mtu anayehesabu mzigo ili alipwe nauli. Mwanzoni mwa 2018 makumi ya maelfu ya watu wa Ituri walivuka Ziwa Albert kwa mashua, wengi wakitua ufukoni Sebagoro upande wa Uganda. Mtunzi wetu anatoka upande huo wa ziwa, lakini sisemi kwamba shairi ni habari ya maisha yake. Nasema tu kwamba sauti inayohesabu mizigo na kutaja nauli ni sauti ya ufukoni, na kwamba katika sauti hiyo maneno yana maana nyingine. Mwepesi, kwa mwenye mashua, ni habari njema. Mfuko wa unga ni mzito na unaishusha mashua majini. Mtoto ni mwepesi na hana shida. Msomaji aliyeshtuka kwamba yule ni mtoto analisikia neno hilohilo kwa sikio la pili. Mtoto anayesifiwa kwa wepesi na mtu anayepakia mizigo ni mtoto ambaye hajala kwa siku nyingi, au ni mgonjwa, au ni jambo baya zaidi.

Kuhusu jambo hilo baya zaidi, shairi halisemi, na sisi tusiseme kwa niaba yake. Lakini angalia kitu kimoja. Mtunzi angeweza kuandika "Mwili mmoja wa jirani". Mwili umo katika ngeli ya U-I pamoja na mkeka na mlango. Usingeivunja kanuni hata kidogo, na hata kitenzi kingekubali: mwili umefika. Katika sarufi yetu mtu anayekufa anaweza kuhama kutoka ngeli ya watu kwenda ngeli ya mikeka. Kama shairi lingesema mwili, sote tungeelewa mara moja, tungehuzunika, na tungefunga daftari. Kwa kusema mtoto, mtunzi amemwacha katika ngeli ya walio hai, huku maneno yote yanayomzunguka yakimvuta kuelekea ngeli ile nyingine. Kutojua kwetu kama mtoto huyo anapumua kumefanywa na maneno yaliyochaguliwa, na anayekuja na alama ya usawa na kuandika "matumaini" amekufuta.

Sasa nifike kwenye swali la mtunzi: jirani yuko wapi?

Soma tena orodha ukiwa umeshamwona mtoto. Mkeka mmoja wa bibi. Mara ya kwanza ulisoma kiunganishi "wa" kama maelezo ya kitu tu, kama katika mfuko wa unga au mlango wa mbao. Bibi alikuwa sawa na unga na mbao, neno la kutofautisha mkeka huu na mwingine. Lakini "mtoto wa jirani" hauwezi kuusoma hivyo. Mtoto hamilikiwi kama mkeka, na hatengenezwi kwa jirani kama mlango unavyotengenezwa kwa mbao. Pale "wa" inadai mtu wa pili, na mtu huyo hayupo. Mzazi hampakii mtoto wake katika mzigo wa mtu mwingine akabaki nyuma kwa hiari. Ukishauliza jirani yuko wapi, huwezi kuacha kuuliza bibi yuko wapi. Mkeka wake upo, yeye hayupo. Na chini kuna msumeno wa baba. Msumeno ni chombo cha kazi cha fundi. Fundi hamkabidhi mtu mwingine msumeno wake asafiri nao. Baba yuko wapi?

Hivyo basi, katika shairi zima wametajwa watu wanne: bibi, jirani, baba na mtoto. Watatu wamo kwa njia ya "wa" peke yake, yaani kwa vitu au mtu waliyemwacha. Mmoja tu ndiye aliyepanda mashuani, naye ndiye aliyehesabiwa kuwa mzigo. Kabla ya mstari wa sita hii ilikuwa orodha ya vitu vilivyobebwa. Baada yake ni orodha ya watu wasiokuwepo. Hakuna neno hata moja la mistari mitano ya mwanzo lililobadilishwa, na bado tumekwisha kusoma shairi jingine. Hiyo ndiyo kazi ya kitu kisichotarajiwa katika orodha: kugeuza vile vinane, huku chenyewe kikibaki palepale kilipowekwa.

Mistari inayofuata nayo hubadilika, lakini kwa namna tofauti. Mistari mitano ya juu tunairudia kwa kujua. Ile mitatu ya chini tunaisoma tukiwa tayari tumejeruhiwa. Mkoba wa shule ungekuwa mahali pengine ungekuwa mkoba tu. Kwa kuwa umekuja mara baada ya mtoto, unakuwa wake, na neno "mpya" linakuwa gumu kulivumilia, kwa sababu mkoba mpya ni mkoba ambao haujatumika. Mto wa pamba unatafuta kichwa cha kulala juu yake. Shairi halijasema kwamba vitu hivi ni vya mtoto. Ujirani wa mistari ndio unaosema.

Na tazama mtoto amewekwa wapi. Ni wa sita kati ya tisa. Jaribu kumhamisha awe wa mwisho, baada ya msumeno. Utaona shairi linakuwa kitendawili chenye jibu: vitu, vitu, vitu, kumbe mtoto! Msomaji atashtuka na kufurahia kushtushwa kwake, kisha shairi litakuwa limekwisha, halina la kumdai. Mhamishe awe wa pili, na hapo hakuna mazoea yaliyokwisha kujengeka. Orodha itaonekana tangu mwanzo kuwa mchanganyiko wa watu na vitu. Akiwa wa sita, sikio limeshapewa mistari mitano ya kulizoesha, halafu imebaki mitatu ya kuonyesha kwamba anayehesabu hakusimama. Linaloumiza ni huko kuendelea. Baada ya kutaja mtoto, sauti ile ile inataja mkoba. Kisha inajumlisha. Kisha inasema kitenzi pekee cha shairi zima, na kitenzi hicho kinahusu nauli. Imelipwa, na nani, hatuambiwi.

Wale wanaotetea usomaji wa ishara wana hoja moja yenye uzito, na sitaki kuikwepa. Wanasema kwamba fasihi ni lazima ivuke tukio moja, na kwamba tukimwacha mtoto awe mtoto tu, shairi litabaki kuwa habari ya mashua moja. Nakubali kwamba shairi linavuka. Ninachokataa ni mahali linapovukia. Usomaji wa ishara unapanda moja kwa moja kutoka "mtoto" hadi "kizazi kijacho", bila kugusa mkeka, msumeno, wala hesabu ya tisa. Ungeweza kuufanya usomaji huo bila kulisoma shairi, kwa kutazama neno mtoto peke yake katika kamusi ya ishara. Usomaji ninaoutetea pia unafika mbali: unafika kwenye swali la jinsi hesabu inavyoweza kumgeuza mtu kuwa kitu bila mtu yeyote kusema neno baya. Lakini unafika huko kwa kupitia maneno yote tisa, na kila hatua inaweza kuonyeshwa kwa kidole kwenye ukurasa.

Pia isidhaniwe kwamba kitu chochote cha ajabu kikitupwa orodhani kitafanya kazi hii. Weka "Mfalme mmoja wa Uajemi" katika mstari wa sita. Ngeli ya watu ipo, "mmoja wa" ipo, mshangao upo, hata kicheko kipo. Sasa rudi juu. Mkeka wa bibi umebadilika? Msumeno wa baba umebadilika? Havijabadilika. Mfalme ameshtua, kisha ameondoka peke yake. Hicho ndicho kipimo ninachokipendekeza, nacho ni rahisi: ukishafika kwenye kitu kisichotarajiwa, rudi mstari wa kwanza usome tena. Kama vitu vya mwanzo viko vilevile, mtunzi amecheza tu. Kama havisomeki tena jinsi ulivyovisoma, basi kazi yako ni kueleza ni neno gani katika kila mstari limegeuka na kwa nini.

Wala tusiambiwe kwamba jambo hili ni la kuigwa kutoka ng'ambo. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anatupitisha katika majumba ya matajiri wa Pate, fahari juu ya fahari, kisha ndani ya vyumba vilevile tunakuta popo na ndege. Pale orodha inageuzwa na orodha nyingine, kwa beti kadhaa, na mtunzi anatuambia wazi kwamba tuone na tuzingatie. Ng'ambo nako wamelifanya kwa njia yao. Katika shairi refu la dhihaka la Mwingereza Alexander Pope, la 1714, kuhusu binti aliyeibiwa shungi la nywele, Biblia inakutwa kwenye meza ya mapambo, katikati ya poda na barua za mapenzi. Wanafunzi wanaojibu kwamba Biblia pale ni ishara ya dini wamekosa jambo lenyewe. Kinachochekwa ni mpangilio wa meza, ambamo kitabu kitakatifu kimepewa cheo kilekile cha poda. Biblia haijabadilika, meza ndiyo iliyobadilika machoni petu, pamoja na binti mwenye meza. "Mzigo" ni shairi la tabia nyingine kabisa na halichekeshi, lakini linadai usomaji wa aina ileile: tazama cheo ambacho kitu kimepewa, halafu muulize aliyekipa.

Walimu wetu wanaosoma mkusanyiko huu wataniruhusu neno moja kuhusu mitihani. Swali tunalopewa kila mara ni "Jadili dhamira na fani ya shairi hili". Mwanafunzi hugawa karatasi pande mbili. Upande wa dhamira huandika: vita, ukimbizi, umuhimu wa elimu. Upande wa fani huandika: takriri ya neno "mmoja", matumizi ya taswira. Hupata alama nzuri pande zote mbili, na pande hizo hazikutani hata mara moja. Lakini katika shairi hili takriri ya "mmoja wa" ndiyo inayomficha mtoto, na kufichwa kwa mtoto ndiyo dhamira. Hakuna namna ya kueleza kimoja bila kingine. Swali lingekuwa "Mstari wa sita unabadilisha nini katika mstari wa kwanza?", mwanafunzi asiyesoma angekwama, na aliyesoma angekuwa na la kusema.

Wiki iliyopita nilimwonyesha mtunzi rasimu ya insha hii. Aliisoma polepole hadi mwisho. Alinisahihisha mahali pamoja tu: nilikuwa nimeandika "mtoto wa kwenye orodha amehesabiwa pamoja na vitu vingine". Alikata neno "vingine" kwa kalamu, akanirudishia karatasi.